Kwa vijana wangu wa idara: difensi imepita, barua imekuja, sasa ile bayo yenu

Wanangu, shikamooni zenu nimezipokea wote. Mimi ni mwalimu wenu mstaafu, wengi wenu niliwapokea mkiwa maTA mnasahihisha majaribio, leo mnamaliza uzamivu na mimi furaha yangu siifichi. Ila kuna jambo moja limenikaa moyoni tangu lile kongamano la juzi ndo maana naandika kwa wote badala ya kumvuta mtu mmoja pembeni.

Mwenzenu mmoja aliitwa mbele kutoa mada, mshereheshaji akasoma bayo yake kama alivyoituma. Ikaanza "Dkt." fulani, halafu sentensi hiyo hiyo "na mwanafunzi wa uzamivu", halafu "kwa sasa anaandika tasnifu". Ukumbi ukaanza kunong'ona, yule binti akashuka macho na dakika zake tano za kwanza zikaharibika. Nilimfuata baadaye nikamuuliza mama imekuwaje, akasema mwalimu niliongeza tu Dkt. mbele na PhD nyuma nikatuma, sikusoma katikati. Na ndo kosa lenyewe hilo, watu wengi wakipata kitu kipya wanaongeza, hawatoi.

Tukakaa naye tukaanza na tarehe, maana hapo ndo penye utata. Yeye alidifendi Machi, watahini wakampitisha kwa masahihisho madogo. Siku ile ile kwenye grupu la Wasapu kila mtu alimwita Daktari, sawa, ni furaha, tulimpigia vigelegele. Lakini kimaandishi Machi bado hujawa. Masahihisho hayajafanywa, mtahini wa ndani hajasaini kwamba yamefanyika, Seneti haijakaa. Seneti ilikaa Juni, akapewa barua kwamba ametimiza masharti yote na atatunukiwa kwenye mahafali ya Novemba. Kwahiyo ana vipindi vitatu na kila kimoja kina sentensi yake. Kuanzia Machi anaandika "ametetea tasnifu yake ya uzamivu". Kuanzia Juni "amekamilisha masharti ya uzamivu na atatunukiwa Novemba", na kama anaomba kazi au ufadhili anaambatanisha ile barua ya Seneti, inatosha kabisa. Novemba akishatunukiwa ndo Dkt. inaingia. Najua kuna wanaoanza kutumia Dkt. mara tu barua ya Seneti ikitoka, ulizeni ofisi ya uzamili ya chuo chenu wanafuata lipi, mimi nawashauri msubiri, ile miezi mitano haiwapunguzii kitu ila mtu akipiga simu chuoni kuhakiki akaambiwa bado hajatunukiwa, hapo unaonekana muongo wakati hukudanganya.

Sasa sikilizeni hili maana ndo linalowachanganya wengi zaidi. Shahada na cheo ni vitu viwili, kila kimoja na barua yake. Kutunukiwa uzamivu hakukufanyi uwe Mhadhiri asubuhi yake. Utapeleka cheti utumishi, kamati ya ajira itakaa, halafu utapewa barua ya kuhamishwa kutoka Mhadhiri Msaidizi kwenda Mhadhiri. Huyu wetu barua ya cheo ilimfikia Februari. Kwahiyo toka Novemba mpaka Februari alikuwa Dkt. na bado Mhadhiri Msaidizi, na hivyo ndivyo bayo ilitakiwa isome. Aliona aibu eti itaonekana kama amekwama, nikamwambia hapana mwanangu, ndo ukweli na kila aliyepita chuo anaujua. Halafu barua za cheo mara nyingi zinarudisha nyuma tarehe ya kuanza, sasa hiyo tarehe ya nyuma iandikwe kwenye sivii, kwenye bayo unaweka cheo cha leo tu bila tarehe.

Tukaja kwenye kutoa. Bayo ya zamani ilisema hivi: "Ni Mhadhiri Msaidizi katika Idara ya Historia na mwanafunzi wa uzamivu. Ana shahada ya kwanza ya ualimu, daraja la kwanza, na umahiri wa historia. Kwa sasa anaandika tasnifu kuhusu manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Ameshiriki makongamano mengi ndani na nje ya nchi na ana uzoefu wa zaidi ya miaka sita."

"Mwanafunzi" ikatoka, hiyo haina mjadala. Shahada ya kwanza na daraja lake vikatoka pia, aliumia kidogo maana alipigania ile GPA, lakini ilishafanya kazi yake, ndo iliyompa uTA. Kwa mtu mwenye uzamivu msomaji anataka kujua unachunguza nini siku hizi. Umahiri nao tukautoa, ungebaki kama ungekuwa wa fani nyingine kabisa, tuseme takwimu, maana hapo ungemwambia msomaji kitu ambacho uzamivu wa historia haumwambii. "Ameshiriki makongamano mengi" tukafuta, kushiriki ni kukaa kwenye kiti, kama uliwasilisha mada itaje hiyo mada. Na "zaidi ya miaka sita" tukaibadilisha ikawa "tangu 2018", kwa sababu miaka sita inaoza kila Januari ila 2018 haibadiliki. "Kwa sasa" na "hivi karibuni" zitoeni zote, nimekutana na bayo ya mtu "hivi karibuni" yake ina miaka tisa.

Mada ya tasnifu tuliiacha. Hapa wengi mnakosea upande wa pili, mnafuta kila kitu cha masomo eti nimeshamaliza. Mwaka wa kwanza na wa pili baada ya uzamivu ile tasnifu ndo kazi kubwa uliyonayo, iacheni ibaki mpaka makala mbili tatu au kitabu vije kukaa mahali pake. Ukifika kuitwa Mhadhiri Mwandamizi na bado bayo inasimulia tasnifu, hapo ndo ujue umechelewa kuitoa.

Ikabaki hivi: "Dkt. fulani ni Mhadhiri wa Historia, anafundisha chuoni tangu 2018. Anatafiti historia ya wafanyakazi Tanzania, hasa manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga, mada ya tasnifu yake ya uzamivu." Sentensi mbili. PhD nyuma ya jina haipo kwa sababu Dkt. iko mbele, mkiweka zote mbili mnasema kitu kimoja mara mbili.

Vilivyotolewa havijapotea, viko kwenye sivii na viko ORCID. Na huko ORCID msifute kazi ya zamani, wekeni tarehe ya mwisho kwenye uhadhiri msaidizi halafu muongeze mstari mpya. Makala iliyokwisha kuchapwa ikiwa na cheo cha zamani iacheni, ilikuwa kweli siku ile. Ila iliyo kwenye prufu bado mnaweza kumwandikia mhariri abadilishe, mwambieni mapema.

Huyu wetu tulihesabu sehemu ilikokaa bayo ya zamani tukapata tano, ukurasa wa idara, sahihi ya barua pepe, ORCID, Google Scholar na faili moja la zamani kwenye simu, na hilo la simu ndo lililotumwa kwa mshereheshaji. Lifuteni hilo kwanza. Jipya lipeni jina lenye mwezi na mwaka ili ukiombwa bayo saa nne usiku ujue unatuma lipi.

Mliopata barua za cheo mwezi uliopita nileteeni bayo zenu kabla ya Ijumaa, nitazisoma moja moja kwa kalamu.

Mwalimu wenu mstaafu