Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Lori, Uchakavu na Ziada ya Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo sitazirudia kwa urefu. Ukusanyaji wa mazao uliendelea kama kawaida, ghala lilipakwa rangi, mizani ilikaguliwa, na misiba mitatu tulishiriki pamoja. Wanachama ni 118, ila 46 wanadaiwa ada, na ada hizo pamoja na faini zinafika shilingi 2,760,000. Mkutano wa Septemba, ambao kamati iliuitisha kwa ajili ya kueleza jambo la uchakavu wa lori, ulihudhuriwa na watu 31. Linaniuma kulisema, kwa sababu karibu malalamiko yote niliyoyapokea tangu Novemba yametoka kwa wale ambao siku ile hawakuja.

Malalamiko yenyewe ni kwamba ziada ya mwaka imeshuka kwa sababu kamati "imekata milioni 16 za lori". Naomba mnisikilize, kwa kuwa uamuzi ule niliupendekeza mimi na bado nausimamia.

Lori tulilinunua Januari 2024 kwa shilingi 64,000,000. Tumepanga kulitumia miaka 4 kisha tuliuze, na tunakadiria kupata 20,250,000. Maana yake ni kwamba ndani ya miaka 4 lori litakuwa limekula thamani ya 43,750,000, na hizo lazima zionekane kama gharama ya uchakavu katika vitabu, mwaka kwa mwaka. Hapo hakuna hiari. Tulichokuwa na hiari nacho ni namna ya kuzigawa.

Namna ya kwanza ni mafungu sawa, ambayo wahasibu huiita mstari mnyoofu. Unagawanya 43,750,000 kwa 4, na kila mwaka unaandika 10,937,500. Ya pili ni salio linalopungua: kila mwaka unakata asilimia ileile, lakini unaikata katika thamani iliyobaki kitabuni. Kwetu ni asilimia 25. Mwaka wa kwanza ni 16,000,000, lori linabaki na 48,000,000. Wa pili unakata robo ya hizo 48, yaani 12,000,000. Wa tatu ni 9,000,000 na wa nne 6,750,000. Mwisho kinabaki 20,250,000 kamili.

Wapo walioniuliza asilimia 25 imetoka wapi. Haikutoka kichwani kwa mtu. Chukueni kikokotoo cha kawaida, gawanyeni 20,250,000 kwa 64,000,000, kisha bonyezeni kitufe cha kipeuo cha pili mara mbili, kwa kuwa miaka ni minne. Mtapata 0.75. Hicho ndicho kinachobaki kila mwaka, na kinachokatwa ni 0.25. Bei ya kuuzia tayari imo ndani ya asilimia hiyo, ndiyo maana huitoi tena kabla ya kukata. Katika rasimu ya kwanza ya hesabu zetu ilitolewa: robo ilikatwa katika 43,750,000, na mtu akiendelea hivyo lori linafika mwaka wa nne likiwa na zaidi ya milioni 34 kitabuni. Kosa jingine ni kukata robo ya bei ya kununulia kila mwaka. Hilo linalifuta lori lote, wakati bado lina thamani ya kuuzwa. Nililiona kosa la rasimu mimi mwenyewe na likarekebishwa kabla ya ukaguzi.

Sasa kwa nini tukachagua njia inayoumiza mwaka wa kwanza? Kwa sababu ya matengenezo. Mwaka huu lori limetumia 1,500,000 tu, nyingi zikiwa za oili na chujio. Makisio yetu kwa miaka inayofuata ni milioni 4, kisha 7, kisha 10, maana zitafika matairi, klachi, springi na pampu ya dizeli. Tuchukulie kwamba kabla ya uchakavu na matengenezo chama kinabakiwa na milioni 35 kila mwaka. Kwa mafungu sawa, ziada ingekuwa 22,562,500 mwaka wa kwanza, kisha 20,062,500, kisha 17,062,500, na mwaka wa nne 14,062,500. Kwa salio linalopungua ni 17,500,000, kisha 19,000,000, tena 19,000,000, na mwisho 18,250,000.

Jumlisheni safu zote mbili. Kila moja inatoa 73,750,000. Hakuna shilingi iliyopotea wala iliyoongezeka kwa miaka minne, kilichobadilika ni ziada ionekane mwaka gani. Kwa mafungu sawa tungeonekana tunafanya vizuri sana mwaka huu, tungegawana kwa furaha, halafu mwaka wa nne mngeuliza kamati imefanya nini hadi ziada ikashuka kwa milioni 8 na nusu, wakati kazi ni ileile na lori ni lilelile. Na mwanachama aliyejitoa mapema angeondoka na gawio nono, akiwaachia waliobaki lori bovu na bili ya fundi.

Nasisitiza pia kwamba milioni 16 hazikutoka benki. Fedha zilitoka siku tuliponunua lori. Uchakavu ni maandishi ya kitabuni, na salio la akaunti lingekuwa lilelile kwa njia zote mbili. Hata kodi haiguswi. TRA haitumii uchakavu wetu, ina viwango vyake chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, na gari la mizigo la chini ya tani 7 kama letu hukatwa asilimia 37.5 ya salio.

Kuna jambo moja zaidi. Kama tukilazimika kuuza lori mwisho wa mwaka wa pili na mnunuzi akatoa milioni 36, kwa njia yetu kitabu kitasoma milioni 36, hakuna hasara. Kwa mafungu sawa kitabu kingesoma 42,125,000, na hasara ya 6,125,000 ingeangukia mwaka huo mmoja. Gari hupoteza bei haraka likiwa jipya, na vitabu havina budi kusema hivyo. Rafu na matangi ya ghala hayako hivyo, yanatumika sawasawa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo hayo tumeyaacha kwenye mafungu sawa. Kamati haikuchagua njia kwa ajili ya kupamba au kuficha ziada.

Kuna pendekezo la wanachama saba la kubadili njia ya lori. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 16 kinaruhusu, ila pale tu matumizi ya mali yenyewe yanapoonekana kwenda tofauti na tulivyodhani. Kutoridhika na gawio si sababu. Na hata tukibadili, vitabu vya 2024 havifunguliwi upya. Tutachukua 48,000,000 zilizobaki, tutoe 20,250,000, tugawe kwa miaka 3, tupate 9,250,000 kwa mwaka. Milioni 16 za mwaka wa kwanza zitabaki palepale zilipo, kwa hiyo gawio la mwaka huu halitaongezeka.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia kuongeza wateja wa usafirishaji, na Mungu akijalia tuanze kufikiria trela. Wenye madeni ya ada wamwone mhazini kabla ya kuondoka leo. Daftari la mali liko mezani kwake, lori liko ukurasa wa 7, na mwenye shaka na tarakimu yoyote aipigie hesabu hapohapo.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti