Barua ya malalamiko: bomba la maji ya moto lililozikwa kwenye saruji, na msimamizi aliyefuta alama zangu

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: BOMBA LA MAJI YA MOTO LA MITA 24, KITANZI CHAKE, NA KUTA MBILI LINAZOPITA

Salamu. Naandika kwa adabu kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, lakini nakuomba uisome barua hii mwenyewe mpaka mwisho. Zile mbili za mwanzo zilijibiwa na watu ambao bila shaka hawakuzisoma.

Mkataba mnao, na masharti ya dhamana mliyaandika wenyewe, kwa hiyo sitayarudia. Naanza na Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, kwenye ukumbi mrefu wa nyumba yangu ya wageni.

Kwa muda wa siku tisa nilikuwa nimelipima bomba lenu. Kila alfajiri kabla ya kuwasha hita nilipanda ngazi na kuchora mstari wa penseli juu ya bomba, pale pale linapoingia kwenye ukuta wa bafu la mwisho. Usiku, maji yakishafika nyuzi 60, nilipanda tena na kuchora mstari wa pili usawa wa ukuta. Umbali kati ya mistari hiyo miwili ulikuwa milimita 41 usiku wa kwanza, na haukutofautiana sana siku zilizofuata. Kando ya kila mstari niliandika tarehe na saa. Ndio ushahidi niliokuwa nao.

Msimamizi wenu alikuja asubuhi hiyo wakati hita imezimwa tangu usiku. Akapanda ngazi, akaweka kiganja kwenye bomba lililopoa, akasema, “Mama, bomba si nyoka, halitembei. Nyumba yako ndiyo inatulia.” Kisha akalamba kidole gumba na kuifuta mistari yangu yote, mmoja baada ya mwingine, huku baba mkwe wangu ameketi hapo chini anatazama.

Ndugu Meneja, bomba linatembea. Bomba mlilofunga ni la plastiki ya PPR ya kawaida, si lile lenye tabaka la nyuzi za kioo katikati ambalo hurefuka kwa kiasi kidogo kuliko hilo. Mita moja ya PPR ya kawaida hurefuka takriban milimita 0.15 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Siku mlipofunga lilikuwa kwenye nyuzi 20 hivi, na maji yanafika 60, kwa hiyo ni ongezeko la nyuzi 40. Zidisha 24 kwa 0.15 kwa 40, unapata milimita 144. Hizo ni zaidi ya sentimita 14 ambazo bomba lenu linazitafutia mahali pa kwenda kila jioni, na kila usiku linazirudisha.

Mafundi wenu walilijua hilo, maana kitanzi walikifunga. Kipo katikati ya njia, juu ya dari, kimepindwa kama herufi U. Ila miguu yake ina sentimita 20 tu, na pembe zake zote nne zimebanwa kwa klampu za kukaza. Kitanzi hufanya kazi kwa kupinda miguu. Bomba likirefuka kutoka kila upande, miguu inapinda na mdomo wa U unajifunga kidogo, basi. Ukikibana kwenye pembe, hicho si kitanzi tena, ni kona nne za ziada za kupunguza kasi ya maji.

Hesabu yake ni ya darasani, na naamini iko kwenye makabati yenu. Bomba likiwa limekazwa kwenye ncha zote mbili na kitanzi kiko katikati, kila upande unakiletea nusu ya urefuko, yaani milimita 72. Urefu wa mguu mmoja, kwa PPR, hupatikana kwa kuzidisha kipenyo cha bomba kwa urefuko, kutafuta kipeuo cha pili cha jibu hilo, kisha kuzidisha kwa 20. Bomba ni la milimita 32. Mara 72 ni 2304, kipeuo chake ni 48, na 48 mara 20 ni milimita 960. Karibu mita moja, Ndugu Meneja, siyo sentimita 20. Na mdomo wa U uwe na upana usiopungua sentimita 30, ili pande mbili zikisogeleana bado ibaki nafasi. Juu ya dari yangu kuna mita moja na robo kwa upande huo. Nimepima. Nafasi haikukosekana.

Nirudi nyuma kidogo, maana nimeanza na Jumanne kabla ya kusema kilichotangulia. Wiki ya kwanza baada ya kazi kukamilika, wageni walianza kulalamika juu ya mlio. Tak, tak, tak, dakika chache baada ya hita kuwaka, na tena usiku wa manane bomba linapopoa. Fundi wenu akaniambia kwa simu kwamba ni hewa, nifungue bomba zote maji yatiririke. Hewa hugugumia bomba zikiwa zimefunguliwa. Mlio huu ulikuja bomba zote zikiwa zimefungwa, tena wakati joto linapobadilika tu. Ni bomba linalong'ang'ania klampu na saruji, linakusanya nguvu, kisha linachomoka ghafla milimita moja au mbili. Ukiweka kidole kwenye klampu unausikia mchomoko huo.

Na saruji hiyo ndiyo jambo la pili. Bomba linapita kuta mbili, ukuta wa stoo, mita sita kutoka kwenye hita, na ukuta wa bafu la mwisho. Kote kuwili mafundi walitoboa tundu, wakapitisha bomba, wakajaza saruji mpaka likashikamana na ukuta. Hapakuwekwa slivu. Slivu ni kipande tu cha bomba pana zaidi, hapa la milimita 50 lingetosha, kinachopita unene wote wa ukuta na kuchomoza kidogo pande zote mbili. Bomba la moto linapita ndani yake likiwa huru, nafasi inayobaki inazibwa kwa kitu kinachonyumbulika, na hakuna kiungo kinachofichwa humo ndani. Ni kazi ya nusu saa kabla ya plasta.

Kwenye ukuta wa stoo, bomba lilitakiwa kupita likiteleza milimita 36, yaani mita sita mara 0.15 mara 40. Kwa kulizika kwenye saruji mliugeuza ukuta kuwa klampu ya kukaza ambayo haimo kwenye mchoro wowote. Mita 18 zilizobaki zikakosa pa kupumulia isipokuwa kwenye kitanzi kilichobanwa na kwenye ukuta wa bafu. Ndiyo maana bomba sasa limejipinda kati ya klampu kama kamba iliyolegea, na plasta ya bafu imemeguka kipande cha ukubwa wa sahani. Saruji ya bafuni ilipoachia, bomba likaanza kusukuma moja kwa moja mpaka ndani ya bafu. Upande wa pili wa ukuta kuna tii, kiungo cha njia tatu, na kutoka kwenye tii hiyo linashuka bomba dogo la manyunyu, nalo limekazwa klampu sentimita kumi tu chini yake. Tii inasogezwa milimita 41, bomba dogo limeshikwa, kila usiku huku na huku. Lilipasuka kwenye shingo ya tii saa nane usiku, mgeni akiwa amelala chumba cha jirani. Dari ya bodi ikaanguka, na godoro na nguo zake zote zikalowa.

Baada ya hayo yote ndipo akaja msimamizi wenu. Narudia tukio lile kwa sababu bado halijanitoka. Sikumwambia neno la matusi. Nilimkaribisha, nikamshikia ngazi kwa mikono yangu. Nikamwomba, “Baba, tuwashe hita, usubiri saa moja tu, utaona mwenyewe mstari unavyohama.” Akatazama saa yake, akasema hana muda wa kusubiri bomba lipate moto. Kisha kile kidole gumba. Alianza na mstari wa tarehe ya mwanzo, akafuta polepole, akapangusa kidole kwenye ukuta wangu niliopaka rangi upya baada ya mafuriko yenu. Kijana wake wa vifaa aliinamisha kichwa kwa aibu. Baba mkwe wangu, mtu mzima ambaye hasemi ovyo, aliuliza, “Mwanangu, mbona anafuta?” Sikuwa na la kumjibu. Kabla ya kuondoka msimamizi akaniambia kwamba nikiita tena bila sababu nitalipia usumbufu.

Hakujua kwamba mistari ile nilikuwa nimeipiga picha kila siku, na futi ya kupimia ikionekana pembeni. Picha zote tisa nimeziambatisha.

Mwanzoni nilikusudia kuomba mambo matatu tu: kitanzi kifungwe upya kwa miguu ya milimita 960, klampu za pembeni ziondolewe, na kuta zote mbili zitobolewe upya na kuwekwa slivu. Bado nayataka hayo. Nataka pia klampu ya kukaza iwekwe karibu na ile tii ya bafuni ili isisogezwe tena, nyingine kwenye chumba cha hita, na zote za katikati ziwe za kuteleza. Slivu peke yake haitaokoa tii mkiacha bomba lote liisukume, kwa hiyo msije na slivu mbili mkadhani mmemaliza.

Lakini tangu Jumanne hayo hayatoshi. Nataka mlipe dari, plasta, rangi na vitu vya mgeni wangu. Nataka bomba dogo lote la manyunyu libadilishwe na si kuungwa, kwa sababu limenyongwa huku na huku kwa wiki nyingi na siliamini tena. Nataka kazi ikaguliwe na mhandisi nitakayemchagua mimi kwa gharama yenu, hita ikiwa imewaka na maji yamefika nyuzi 60. Hapo mwanzo ningetoa siku 14. Sasa natoa siku saba kuanzia tarehe mtakayopokea barua hii. Siku ya nane picha, vipimo na kipande cha tii kilichopasuka, ambacho nimekihifadhi kwenye mfuko, vitakwenda kwa wakili wangu na kwa mamlaka inayosimamia leseni za makandarasi, na malipo ya awamu ya mwisho mnayonidai hayatatoka.

Na msimamizi yule asirudi nyumbani kwangu ila kwa jambo moja: aje jioni, hita ikiwa imewaka, achore mwenyewe mstari wa penseli kwenye ukuta wa bafu, akae saa moja, kisha amjibu baba mkwe wangu swali lake.

Wako mteja,
Mwenye nyumba ya wageni, ukumbi wa mita 24
Viambatisho: picha tisa, mchoro wa njia ya bomba wenye vipimo