Mkalimani asisahihishe kwa kinywa tu

Mhariri,

Naandika kuhusu hadithi fupi mliyoichapisha, ambamo mkalimani anayesoma mkataba wa kukodisha shamba anabaini kuwa "anaweza kuongeza muda" limetafsiriwa "ataongeza muda", akalisahihisha kwa kinywa tu na kuendelea kusoma. Mwandishi anamsifu, mimi naona amekosea, kwani wenye shamba walisikia sharti moja wakatia saini jingine.

Kosa kama hilo lilikuwa katika kifungu cha 17 cha Mkataba wa Wuchale wa mwaka 1889 kati ya Ethiopia na Italia: kwa Kiamhari, Mfalme Menelik wa Ethiopia aliweza kuwasiliana na mataifa mengine kupitia Italia, kwa Kiitaliano, alilazimika. Mzozo huo uliishia vitani Adwa, mwaka 1896.

Mkalimani asimamishe usomaji, azieleze pande zote mbili, na nakala zote zisahihishwe kabla ya saini. Waandaaji nao wampe nakala hizo siku moja kabla.

Msomaji wenu,
Arusha