Malalamiko: setingi zenu za laini mpya zinaua meseji za picha na kuvunja magrup

Kwenu kitengo cha huduma kwa wateja,

Naandika nikiwa nimekasirika kweli, maana tangu nibadilishe laini picha zinazotumwa kwa meseji hazifunguki. Intaneti inapiga kazi vizuri, sms za kawaida zinaingia, ila picha inaniletea tu maandishi ya kugusa ili ipakuliwe, nagusa, inazunguka weee halafu inagoma.

Mhudumu wenu akasema mtandao uko chini. Sio kweli jamani. Ile taarifa ya kwamba kuna picha ndiyo inayokuja kwa njia ya sms, ila picha yenyewe simu inaifuata kwenye seva yenu ya MMS kwa kutumia data ya laini. Taarifa ikifika picha isishuke, kwanza unaangalia data ya simu imewashwa, maana wai-fai peke yake mara nyingi haisaidii, na kwenye simu ya laini mbili uhakikishe data inatoka kwenye laini iliyopokea picha. Mimi vyote hivyo vilikuwa sawa.

Ikabidi nifungue Access Point Names, yaani APN, zile setingi za simu kuunganika na data yenu, nikailinganisha na simu ya mfanyakazi mwenzangu ambaye yuko kwenye mtandao wenu huu huu na picha zake zinashuka. Kwake APN type imeandikwa `default,supl,mms`, kwangu `default,supl` basi, na sehemu ya MMSC iko tupu kabisa! Yaani setingi mlizonitumia wenyewe hazina anwani ya kuchukulia picha. Nikajaza kama zake, nikasevu, nikazima simu na kuwasha, picha ya siku hiyo ikashuka hapo hapo. Za zamani zimegoma hadi leo kwa sababu seva haitunzi picha milele, na zile ndo zinaniuma zaidi, zilikuwa za familia.

Halafu kuna hili la grup. Meseji ya grup nayo inapita MMS, kwa hiyo nayo ilikuwa haitoki, mhudumu akaniambia niende kwenye Group messaging nichague mass text. Kweli zikatoka, lakini hiyo inamtumia kila mtu sms yake peke yake, majibu yakaanza kurudi kila moja kwenye chati yake, hakuna anayeona mwenzake kajibu nini, tukapanga kikao cha familia watu wakaja na saa tofauti. Nimerudisha kwenye group MMS, sasa grup liko sawa. Huo ushauri haukutibu chochote, umeficha tatizo la APN tu.

Ninachotaka ni hiki: rekebisheni setingi mnazotuma kwa laini mpya, wekeni MMSC na APN type wazi mahali mteja anaziona, na wahudumu waulize kuhusu APN kabla ya kumgusisha mtu setingi za grup. Na mnijibu kwa maandishi kama picha zangu za zamani bado zipo kwenye seva yenu au mmeshazifuta.

Mteja wenu