Barua kwa Baba Rukia kuhusu PCB na D ya Fizikia

Chumbageni, Tanga
3 Februari

Kwako swahiba wangu Baba Rukia,

Assalaam alaikum. Barua yako niliipokea juzi pamoja na nakala ya matokeo ya Rukia, nami nikaisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza iwapo binti aende mchepuo wa sayansi au wa sanaa, kisha ukajijibu mwenyewe kwamba, kwa kuwa bado hajui anataka kazi gani, heri asome tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, maana aliyesoma sayansi anaweza kugeukia lolote baadaye. Hoja hiyo nimeisikia kwa wazazi wengi miaka yote niliyokuwa mwalimu wa taaluma. Ina ukweli, ila ukweli wake una sharti: mwanafunzi awe ameifaulu hiyo sayansi.

Tuanze na karatasi yenyewe. Umefurahia Daraja la Kwanza la pointi 17, na una haki ya kufurahi. Lakini daraja la kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Rukia ana B katika Biolojia, Jiografia, Historia na Kiswahili, kisha ana C katika Kemia, Kiingereza na Uraia, na hayo saba ndiyo yaliyompa 17. Fizikia na Hisabati, ambako kote amepata D, hazimo kabisa katika hesabu hiyo. Daraja limeyafunika masomo mawili ambayo PCB itamdai kila siku. Fizikia ni theluthi ya tahasusi hiyo, na Hisabati itamrudia kwa jina la BAM, somo la hisabati ya msingi la kidato cha tano na sita, mbali na kwamba imejaa ndani ya Fizikia yenyewe. Mada ya kwanza kabisa ya Fizikia ya kidato cha tano ni vipimo na makosa yake, na mwanafunzi anayehangaika kupanga upya mlinganyo hukwama hapo hapo, kabla hata wenzake hawajazoea bweni.

Nikupe mfano wa kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye jina lake nitalihifadhi. Aliingia PCB kwa msukumo wa nyumbani akiwa na alama zinazokaribiana na za Rukia. Alijitahidi, sitamsingizia uvivu, na kidato cha sita akapata D ya Biolojia, E ya Kemia na S ya Fizikia. Katika hesabu za Baraza la Mitihani A ni pointi 1, D ni 4, E ni 5 na S ni 6, kwa hiyo alikuwa na pointi 15, yaani Daraja la Tatu, na kwao wakachinja mbuzi. Kumbe kwa upande wa vyuo vikuu pointi huhesabiwa kinyume: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Sharti la chini ni masomo mawili yenye alama ya E au zaidi, ambayo jumla yake isipungue 4. Yeye alikuwa na 2 za Biolojia na 1 ya Kemia, jumla 3, na S haikuhesabika miongoni mwa hayo mawili. Mlango wa shahada ukafungwa, si wa udaktari tu, bali hata wa sheria na wa ualimu wa Historia. Mwenzake wa HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili, ambaye hakuwa na akili kumzidi, alipata C mbili na D moja, akawa na 6 kwa masomo mawili tu na nafasi ya kuchagua chuo. Ndiyo maana nasema kwamba ile methali ya wazazi, kuwa sayansi haifungi milango, haiwahusu wenye E na S.

Hata hivyo sitaki uone kwamba naitetea sanaa kwa upofu. Kuna jambo ambalo sanaa haiwezi kulirudisha: shahada ya udaktari wa binadamu inadai Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu za kidato cha sita, na anayeziacha leo ameiacha njia hiyo ya moja kwa moja. Ila tusisahau kwamba stashahada ya utabibu hupokea waombaji kwa matokeo ya kidato cha nne, mradi wawe wamefaulu walau masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Biolojia na Fizikia, na D ni kufaulu. Rukia anavyo vyote hivyo tayari, na hakuna atakayemnyang'anya. Akizinduka siku moja akajua anataka kutibu watu, njia ile bado ipo, ingawa ni ndefu.

Nakuomba pia uondoe dhana kwamba sanaa ni ya kupumzika. (Kaka yako aliniuliza kama ndiyo ile ya ngoma na maigizo wanayofundisha hapo kwenu Bagamoyo katika chuo cha sanaa cha TaSUBa, nilicheka, kisha nikaona kumbe neno lenyewe ndilo linalotuponza.) Historia na Jiografia za kidato cha tano hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kwa insha ndefu zinazodai hoja na ushahidi, na C yake ya Kiingereza itapimwa huko kuliko anavyodhani.

Maoni yangu ni CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia. Tangu orodha ya tahasusi ilipopanuliwa mwaka 2024 hadi kufika 65, wazazi wengi wanazama katika majina mapya, na hii ya zamani inasahaulika. Inamchukulia B ya Biolojia, B ya Jiografia na C ya Kemia, yaani masomo ambayo ameonyesha kuyaweza, na inamwacha ndani ya sayansi: kilimo, misitu, mazingira, samaki, ualimu wa Biolojia. Ninyi mnaoishi karibu na chuo cha uvuvi cha Mbegani hamhitaji kuelezwa na mtu wa Tanga kwamba elimu ya viumbe wa majini ni kazi. BAM ataikuta hata huko, lakini kama somo la pembeni, si kama nguzo.

Kabla hamjaamua, fanyeni jaribio dogo. Mwazimeni kwa jirani kitabu cha Fizikia cha kidato cha tano na kingine cha Kemia. Kwa wiki moja asome mada ya kwanza ya kila kimoja, afanye maswali kumi bila kuangalia majibu, kisha umtazame namna anavyokosea. Akikosea hesabu lakini akaweza kueleza kwa nini alichagua kanuni ile, nitabadili mawazo yangu kuhusu PCB. Akiwa anatafuta tu kanuni yoyote yenye herufi zinazofanana na za swali, basi amekwishatujibu. Muulize vilevile, kwa upole, ni mara ngapi ameshika bureti kwa mkono wake mwenyewe, maana kidato cha sita Kemia ina mtihani wa vitendo, na wapo wanaofika huko wakiwa wameiona titresheni ubaoni tu.

Machaguo aliyoyajaza akiwa shuleni yanaweza kubadilishwa TAMISEMI watakapofungua mfumo, kwa hiyo muda mnao. Akimaliza maswali hayo, piga picha kurasa zote, hata zile alizofutafuta, unitumie kwa simu. Zilizofutwa ndizo nitakazozisoma kwanza. Mama Rukia na watoto wote nawasalimu.

Swahiba wako,
Mwalimu Bakari