YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKURASA WA OFA YA DARASA LA USHONAJI

Ndugu Meneja,

Kwa heshima zote, naomba mnirudishie nusu ya malipo niliyowapa mnitengenezee ukurasa wa mtandaoni wa kumpokea anayebofya tangazo langu.

Nilikuja kwenu na ofa moja: darasa la jioni la kushona suti za kike, wiki 6, shilingi 180,000, nafasi 20. Tangazo la Instagram linasema hivyo hivyo. Mtu akibofya, anapokelewa na "Karibu Katika Ulimwengu wa Ubunifu". Suti iko wapi? Bei iko wapi? Anadhani amepotea njia, anarudi alikotoka. Kichwa kilitakiwa kurudia maneno ya tangazo, basi.

Jumatano, ofisini kwenu, niliuliza kwa nini fomu ina nafasi 11 za kujaza. Kijana wenu akacheka. "Mama, shida ni wateja wako hawajui simu."

Hawajui simu! Nilimpa mmoja wao simu yangu, nikakaa pembeni kimya. Jina akajaza, namba akajaza. Kwenye barua pepe akasita, akaweka ya mwanawe. Alipoombwa namba ya NIDA akaniuliza, "Kwani nakopa?" Akafunga. Ningekuwa nakopesha, maswali mengi yangenisaidia kuchuja watu. Kwa darasa, jina na namba ya simu vinatosha. Mengine nitauliza nikimpigia.

Vitufe ni vinne: soma zaidi, pakua brosha, jiandikishe, na "Tufuate Instagram". Nimelipia tangazo kumtoa mtu Instagram, ninyi mnamrudisha huko huko! Kabla ya hapo niliwatumia picha za suti zilizoshonwa na wanafunzi wangu, wenyewe wamekubali kutajwa majina na mitaa yao. Mkaweka wazungu wanaotabasamu na maneno "Huduma bora sana – Mteja". Mteja yupi? Nani ataamini?

Narudia ile Jumatano, maana bado inaniuma. Nilikuwa na karatasi mkononi: watu 412 wamebofya tangazo, 3 wamejaza fomu. Kijana hakuitazama. Alicheka mbele ya fundi wangu ninayemlipa mshahara, akaniambia wateja wangu hawajui simu, akageukia kompyuta yake. Fundi aliinamisha kichwa. Mimi ni mtu mzima, Meneja.

Kwa hiyo nusu haitoshi tena. Nataka fedha yote kabla ya Ijumaa, pamoja na gharama ya tangazo, na kijana aombe radhi mbele ya fundi yule yule. La sivyo nakwenda Tume ya Ushindani, na pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa kuwa sheria ya mwaka 2022 hairuhusu kukusanya taarifa zisizohitajika kwa lengo lililotajwa.

Namba za NIDA za wale watu 3 zifutwe leo, wala msingoje Ijumaa.

Wenu,
Mwenye darasa