Gemu Moja Inajifunga, au Kompyuta Nzima Inaumwa? Pima Kabla Hujafuta Kitu

Kijana mmoja alikuja dukani kwetu na sipiyu begani, imeviringishwa kwenye shuka. Gemu yake ya mpira ilikuwa inamtoa kila akifika kipindi cha pili. Skrini inakuwa nyeusi kidogo, halafu anajikuta amerudi Windows, na siku nyingine mashine yote inajiwasha upya. Alikuwa ameshaifuta gemu na kuipakua tena mara tatu. Kila upakuaji ulikula zaidi ya GB 50, na bando alilinunua kwa pesa yake mwenyewe.

Nikamuuliza kama amejaribu gemu nyingine. Akajibu, "Fundi, San Andreas napiga mpaka alfajiri, haigandi hata kidogo. Tatizo ni hii gemu tu."

Jibu hilo tunalisikia sana hapa dukani, na karibu kila mara halituambii chochote. San Andreas ya kompyuta ilitoka 2005. Ukiiweka kwenye kadi ya grafiki ya miaka ya karibuni, ni sawa na kupakia kapu la nyanya kwenye lori la tani kumi. Kadi haipati joto, haivuti umeme wa maana, kumbukumbu yake inabaki karibu tupu. Ikikesha bila kuganda umejua jambo moja tu, kwamba mashine haianguki ikiwa imepumzika.

Gemu ya kupimia lazima iwe nzito kama ile inayokusumbua, au iizidi. Pia ni vizuri iwe imejengwa kwa injini tofauti, yaani programu ya msingi ambayo gemu huundwa juu yake. Gemu nyingi za sasa zimejengwa juu ya Unreal Engine, kwa hiyo ukijaribu mbili za injini hiyo na zote zikaanguka, bado hujui kama kosa ni la mashine au ni la kitu ambacho gemu zote mbili zinakitegemea. Chukua nyingine ya familia tofauti kabisa. Kabla hujaanza, ondoa kizuizi cha fremu. Gemu ikiwa imefungwa kwenye fremu 60 kwa sekunde, kadi yenye nguvu hufanya nusu ya kazi na kupumzika nusu. Kwenye mipangilio utaona V-Sync, izime wakati wa kupima tu.

Jambo la pili ni muda, na hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Kama gemu yako inaanguka baada ya dakika 20, kucheza nyingine dakika tano ukasema iko salama ni kazi bure. Angalia saa. Andika inaanguka dakika ya ngapi, mara tatu hivi, kisha cheza gemu ya pili kwa muda mara mbili ya huo. Hapa pwani joto la chumba mchana hufika nyuzi 32 bila shida, kwa hiyo pima saa zilezile unazochezea. Tumewahi kuachiwa mashine ambayo asubuhi ilikuwa nzima kabisa, ikaanza vituko saa nane mchana.

Sisi tulimjaribia yule kijana gemu mbili. Ya mbio za magari ilikwenda dakika 40 bila tatizo, lakini tulipotazama tukaona kadi inafanya kazi asilimia 45 tu, kwa sababu ya kizuizi cha fremu. Hiyo tukaihesabu kuwa haijapimwa. Ya pili, ya vita, tuliiachia bila kizuizi. Dakika ya 25 ikajifunga, kwa mtindo uleule wa skrini nyeusi.

Gemu mbili tofauti, injini tofauti, anguko moja. Hapo tayari ungeweza kuacha kuilaumu gemu ya mpira. Lakini gemu ni kipimo kigeugeu. Leo upo uwanjani mvua inanyesha, kesho upo kwenye menyu unachagua jezi, na mzigo haufanani. Ndiyo maana tunatumia pia programu za kupimia, ambazo wachezaji huziita benchimaki. Hizi hurudia picha zilezile kwa mpangilio uleule kila mara, kwa hiyo ukibadilisha kitu kimoja unaweza kulinganisha kabla na baada.

Ya kuanzia ni Unigine Heaven. Ni ya zamani, ya 2009, lakini ni ya bure, haifiki MB 300, na ukiiacha inazunguka yenyewe mpaka ubonyeze Esc. Chagua ubora wa juu kabisa na ukubwa wa skrini yako, iwashe, uende ukanywe chai. Kama kadi yako ni mpya na kubwa, Superposition ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka 2017, inaikamua zaidi na kujaza kumbukumbu ya kadi kuliko Heaven. Wateja wengi huja wametumia FurMark. Mimi siipendi kwa kazi hii. Inaibebesha kadi mzigo ambao hakuna gemu inayoutoa, na ikianguka humo bado utajiuliza kama ingeanguka ukicheza kawaida. Kwenye laptopu kongwe yenye vumbi siigusi kabisa.

Wakati inazunguka, fungua HWiNFO64 pembeni uone joto, na uitazame skrini yenyewe. Nukta nyeupe zinazometameta, vibokisi vya rangi au pembetatu zinazochomoza mahali pasipo na kitu huashiria kumbukumbu ya kadi au chipu yake, hata kama hakuna kilichojifunga. Skrini kuwa nyeusi ghafla wakati joto ni la kawaida ni habari nyingine.

Mashine ya kijana wetu ilizunguka Heaven dakika 18, kisha ikajizima na kujiwasha. Joto la kadi lilikuwa nyuzi 71, ambalo si tatizo. Tukafungua Event Viewer, ambako Windows huandika kila hitilafu, upande wa Windows Logs, kisha System. Kulikuwa na Display namba 4101, maana yake draiva ya kadi iliacha kuitikia na Windows ikaifufua. Hiyo inalingana na siku alizorudishwa Windows. Kwa siku zile mashine ilipojiwasha upya, kulikuwa na Kernel-Power namba 41.

Hapa naomba nitulie kidogo, maana hiyo 41 imewafanya watu wanunue pawasaplai wasizozihitaji. Wakisoma neno Power wanadhani Windows imegundua umeme mbovu. Haijagundua kitu. Inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Hata ukichomoa waya kwa mkono utaikuta palepale.

Kwa hiyo tulitafuta ushahidi mwingine. Kwa MSI Afterburner tukashusha Power Limit ya kadi hadi asilimia 70, bila kugusa kitu kingine, tukaiwasha Heaven. Ikakaa saa mbili. Tukairudisha asilimia 100, dakika 15 ikaanguka. Kumbuka joto halikuwa tatizo tangu mwanzo, kilichobadilika sana ni umeme unaovutwa. Tukafungua boksi. Ni sipiyu ya ofisini iliyotumika, zile zinazoingia na makontena, na pawasaplai yake ndogo haikuwa na waya wa kadi ya grafiki. Aliyeifunga kadi alitumia adapta ya kuunganisha waya za diski. Tuliazima pawasaplai yetu ya majaribio yenye waya wake halisi, Heaven ikaenda saa tatu, na gemu ya mpira ikamaliza mechi nne mfululizo. Hapo ndipo tulipomwambia anunue pawasaplai.

Upande wa pili nao upo. Dada mmoja alileta laptopu ambayo gemu moja ilikuwa inajifunga ikianza kupakia ramani. Heaven ilikwenda saa nzima, gemu nyingine mbili nzito zikaenda bila kizuizi, hakuna kitu. Kwenye Event Viewer, safari hii upande wa Application, tukakuta Application Error namba 1000 kila gemu ilipojifunga, na mstari wa Faulting module name ulikuwa na faili lilelile kila mara. Mashine inayoumwa kwa kawaida huangukia popote, leo faili hili, kesho lile. Jina moja likijirudia hivyo, anza kuishuku gemu na vilivyobandikwa juu yake. Kwake ilikuwa modi aliyoiweka mwenyewe na kuisahau. Tuliiondoa, kisha kwenye Steam tukatumia Verify integrity of game files, ambayo hukagua mafaili na kupakua tena yaliyoharibika tu. Anza na hiyo kabla ya kufuta gemu nzima, bando lako litakushukuru.

Sasa nikupe tahadhari. Heaven ikipita, umethibitisha kadi na umeme wake kwa kiasi kikubwa. Hujathibitisha prosesa wala ramu, kwa sababu Heaven haiwasumbui sana. Mfano mkubwa ni wa prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na 14, ambao uligeuka kuwa gumzo 2024. Gemu za Unreal Engine zilikuwa zinaanguka zikitoa ujumbe "Out of video memory trying to allocate a rendering resource". Mtu akisoma hivyo anailaumu kadi, anaweza hata kununua nyingine, kumbe mgonjwa ni prosesa. Intel walitoa marekebisho yanayoingizwa kupitia BIOS, lakini prosesa iliyokwisha kuharibika hayaiponyi, na prosesa zilizohusika waliziongezea dhamana kwa miaka miwili. Mwenye mashine kama hiyo angepima kwa Heaven peke yake angeweza kuondoka akiamini mashine ni nzima.

Ndiyo maana baada ya kadi tunawasha Cinebench R23 kwa dakika 10 kwa ajili ya prosesa, na kama anguko bado halina mpangilio tunaiachia MemTest86 usiku kucha kutoka kwenye flashi. Kosa hata moja la ramu kwenye MemTest86 halivumiliki. Ila kwanza zima XMP kwenye BIOS, mpangilio unaoipandishia ramu kasi, urudie, kwani pengine ramu ni nzima ila imepewa kasi isiyoiweza.

Laptopu pimia ikiwa kwenye chaji. Kwenye betri inajipunguzia nguvu, na itafaulu mtihani ambao haikuufanya.

Ukiamua kuja dukani, kabla hujazima mashine bonyeza kitufe cha Windows na R, andika hii:

```
perfmon /rel
```

Utaona kalenda yenye alama nyekundu siku za maanguko. Ipige picha kwa simu. Tuletee na orodha fupi ya gemu ulizojaribu, kila moja ilikaa dakika ngapi, na Heaven iliishia wapi. Na uje na waya wako wa umeme pamoja na ekstensheni unayotumia nyumbani. Zaidi ya mara moja tumepima sipiyu siku nzima bila kuona kosa, kumbe ekstensheni ilibaki nyumbani imeyeyuka tundu moja.